Lori la Viti vya Msiba

Siku Shangazi alipozikwa, ghala la vigae lilifungwa kutwa, na wakala wa kampuni ya malori akatoa lori lake bure kubeba viti vya waombolezaji. Alimshika mkono kila mtu, uso umemkunjamana kama aliyefiwa ni yeye. Binti wa kaka wa marehemu, aliyekuwa akifanya kazi na shangazi yake ofisi moja hapo ghalani, alimshukuru kwa dhati. Shukrani hiyo inamkera mpaka leo.

Shangazi ndiye aliyekagua ankara za wasafirishaji kabla hazijalipwa. Wenye malori walimwita Bi Mizani, na si kwa mapenzi.

Baada ya msiba, mhasibu mkuu alimtupia binti ankara za kampuni ile mezani.

"Zipige muhuri tu. Uchokonozi ulikuwa wa marehemu. Zikilipika hizi bila maneno, meza hii ya ukaguzi naifunga, nawe utahamia stoo."

Wakala alikuwa ameketi pembeni, akikoroga chai ya ofisi kana kwamba yuko kwake.

"Usijichoshe, mwanangu. Bado una majonzi."

Binti alizifungua ankara. Alifanya alivyofundishwa: hati ya kupokelea mzigo upande huu, karatasi ya mizani upande ule, bei za mkataba katikati. Ankara ya kwanza ilikuwa na namba mpya, lakini ilidai safari iliyokwishalipwa. Hati ya mzigo ilikuwa ileile. Ya pili ilitoza uzito wa mzigo pamoja na lori lenyewe, utadhani ghala liliagiza vigae na matairi na dereva wake. Wizi wa kivivu, aliwaza. Hata kuhangaika kidogo kumdanganya mtu wameona taabu.

Ya tatu ilikuwa tozo ya kusubiri: lori kuzuiwa getini kutwa nzima. Akatazama tarehe. Akatazama namba ya lori.

"Mzee, lori hili lilisubiri wapi?"

"Si hapo getini kwenu? Mlikuwa mmefunga."

"Siku hiyo ya maziko nililipanda mimi. Nilikaa nyuma nikishikilia viti visianguke."

Kijiko kikatulia kwenye kikombe.

"Ah, hao ni vijana wetu wa kompyuta."

"Na tozo hii, kwa mkataba, hailipwi bila sahihi ya mlinzi wetu. Mlinzi alikuwa makaburini na koleo mkononi. Wewe ulisimama nyuma yake ukifuta macho makavu."

Mhasibu mkuu, ambaye naye alikalia kimojawapo cha viti vile, alizivuta karatasi akazisoma zote tatu.

"Zirudishwe," alisema, bila kumtazama mtu.

Wakala alisimama, chai akaiacha nusu.

"Mdomo umeurithi kwa shangazi yako."

"Na meza pia," alisema binti.

Siku hizi ankara za kampuni ile zinapita kwake kwanza, na kiti cha Shangazi anakikalia yeye.