Kifumbu cha Bi Time

Bi Time alikuwa Mpemba aliyeolewa Kigombe, na pale mtaani hakuna aliyethubutu kumfundisha kupika. Tui lake halikuwa na hata chembe ya machicha. Kwa hiyo alipomsindikiza bintiye Rahila zahanati, wakamkuta afisa lishe Asmaa, msichana ambaye yeye angeweza kumzaa, akieleza namna ya kupika uji, Bi Time alimsikiliza kwa adabu tu.

Mgonjwa alikuwa Shaib, mtoto wa Rahila, wa mwaka na nusu. Utepe wa kupimia mkono ulisoma njano, utapiamlo wa wastani.

"Hana homa, miguu haikuvimba, na hamu ya kula anayo," alisema Asmaa. "Huyu tutamtibu jikoni. Mnyonyeshe kama kawaida. Asubuhi uji mzito, usiomwagika kijikoni, utiwe karanga zilizotwangwa, unga wa dagaa na mafuta kidogo. Mchana wali na choroko na mchicha. Jioni viazi vya kuponda na samaki aliyetolewa miiba. Katikati ya milo apate ndizi au parachichi, na yai mkijaaliwa. Chai msimpe. Na awe na sahani yake, asigombanie sinia na wakubwa."

"Na utepe ukisoma nyekundu?" aliuliza Rahila.

"Hapo ni utapiamlo mkali, mama. Tusifike huko."

Neno hilo lilimwingia Bi Time kifuani. Shaib alikuwa mjukuu wake wa pekee, na alimpenda kupita kiasi. Akajitwisha jukumu, maana Rahila alidamka kila siku kwenda kuanika dagaa pwani. Uji wa mtoto ukawa kazi ya bibi.

Basi akapika kwa moyo wote. Alitwanga karanga, akatwanga dagaa, akawasifia majirani mkono wake mpaka wakamchoka. Waliporudi zahanati kupima, uzito wa Shaib ulikuwa palepale, na utepe umesogea kidogo kuelekea kwenye nyekundu.

Bi Time aliona aibu, na aibu yake ilizoea kujitokeza kwa sura ya hasira. Kwanza alimtupia Rahila lawama kwamba ananyonyesha haraka haraka. Kisha akamgeukia Asmaa.

"Mwanangu, chakula chako ulichotupangia hakina nguvu. Mimi nimepika kama ulivyosema, tena vizuri kuliko ulivyosema."

"Sikatai, bibi," alijibu Asmaa. "Kesho tuna darasa la mapishi hapa nje. Njoo utupikie, sote tujifunze kwako."

Hakuna maneno matamu kama hayo kwa Bi Time. Kesho yake alifika na kanga mpya, mwiko wake na kifumbu chake cha kukamulia tui, kile cha ukili alichotoka nacho Pemba. Kina mama walikaa mkekani. Akakoroga unga, akatia karanga, akatia dagaa, akatia mafuta, na kila hatua akaitolea hotuba. Uji ukaiva, mzito, unanukia. Asmaa aliitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Sasa ndio tunafika kwenye ufundi," alisema Bi Time. Akaongeza maji ya moto, maana uji mzito haupiti, akaumimina kwenye kifumbu, akakamua. Chini ukashuka uji mweupe, laini, mwepesi kama maji ya mchele. "Mtoto wa watu halishwi chenga."

Asmaa alichungulia ndani ya kifumbu, akakuta karanga na dagaa karibu zote zimelala humo.

"Na haya, bibi, huwa unayapeleka wapi?"

"Nawapa kuku," alisema Bi Time, na hapo hapo akayasikia maneno yake mwenyewe. Akamkumbuka jogoo wake, aliyenona siku hizi mpaka anatembea kwa kuyumba, na yeye akimsifia kwa majirani. Machozi yakamlenga, kisha kicheko kikamshinda.

"Wallahi, jamani, nimelea jogoo," alisema. "Mjukuu namnywesha maji ya kuoshea sufuria, tena kwa mbwembwe. Niandike, mwanangu, wa kupimwa ni mimi, kichwani."

Alimwomba Rahila radhi mbele ya watu, jambo ambalo Rahila hakuwahi kuliona. Kisha akapika upya. Safari hii uji haukuguswa na kitu isipokuwa kijiko, na Shaib aliumaliza, akalilia bakuli.

Jioni ile jogoo alichinjwa. Bi Time aliliponda ini kwa uma, akaliweka kwenye sahani ya Shaib peke yake, akakaa mbele yake kumlisha taratibu.

"Kula, baba," alisema. "Hiki ni chako tangu mwanzo."

Utepe ulichukua muda, lakini ulifika kwenye kijani. Asmaa alipouliza wamempa nini, Bi Time alijibu kwamba amempa kila kitu, na kifumbu kimerudi kwenye nazi.