Mfagiaji wa Jumamosi

Watu wengi hudhani kukimbia ni kazi ya miguu. Mimi niliyewafuata wakimbiaji kwa baiskeli, nimetundika chupa za maji mbele na nyuma kama punda aliyestaafu kwa heshima, nawaambia kukimbia ni kazi ya mdomo. Hata Kepteni wetu alikuwa akifundisha hivyo. Ukiweza kusema sentensi nzima bila kuhema, huo ndio mwendo wako. Ukikatika katikati ya sentensi, punguza. Ukiweza kuimba, wewe unatembea, acha kutudanganya.

Kepteni alikuwa mkuu wa makeshia benki, mama mwembamba mwenye sauti ambayo nasikia iliwahi kumwamsha mgonjwa aliyekuwa chini ya dawa ya usingizi chumba cha upasuaji, barabara ya pili kutoka benki. Sikuwepo, lakini sauti nimeisikia, kwa hiyo nasadiki. Kila Jumamosi asubuhi alitukusanya kwenye kituo cha mafuta, akatupasha misuli moto, akatangaza njia: leo tunapita stendi, leo tunapanda mlima wa hospitali. Kisha watu hugawanyika wenyewe. Wenye mbavu hutangulia, wa kati hufuata wakipiga soga, na nyuma ya wote hukaa mtu mmoja tunayemwita Mfagiaji.

Mfagiaji hampiti mtu yeyote. Hiyo ndiyo sheria yake, na hana nyingine. Wa mwisho akifunga kamba ya kiatu, Mfagiaji anasimama. Wa mwisho akitembea, anatembea. Wa mwisho akikaa chini na kulia, na wapo waliolia, Mfagiaji anachuchumaa pembeni. Kikundi hakimwachi mtu, ndivyo tulivyojisifu kwa kila mgeni.

Siku zile Mfagiaji alikuwa Mwalimu wa udereva. Kepteni alimchagua bila kura. "Wewe umezoea kukaa pembeni ya watu wasiojua wanakokwenda," alimwambia.

Basi akaja Fundi Meno.

Alihamishwa kutoka mji mwingine kuja kutengeneza meno ya bandia kwenye kliniki moja kubwa. Kazi yake ilikuwa chumba cha nyuma, chenye dirisha moja linalotazama ukuta. Daktari humletea taya la plasta kwenye sahani, yeye huchonga, hupanga, husugua, hurudisha. Alijua vinywa vya nusu ya mji ule, vilivyopinda na vilivyovunjika, ila hakuna hata kimoja kilichowahi kumwambia habari za asubuhi. Alikuwa amepanga chumba kwa bibi mmoja kiziwi. Jioni alizungumza na redio, na redio, kama mjuavyo, haina tabia ya kujibu.

Hakuja kupunguza kitambi. Aliniambia mwenyewe siku ya kwanza, akishika chupa ya maji kwa mikono miwili. "Mzee, mimi nataka mtu mmoja tu wa kuniuliza nimeshindaje, halafu angoje jibu."

Nikamwambia, "Hapo umefika, mwanangu. Hapa tunangojana mpaka tunachosha."

Hakuwa mkimbiaji. Miguu yake ilikwenda kama ya mtu anayekwepa madimbwi ambayo wengine hatuyaoni. Kabla ya kufika stendi alikuwa wa mwisho, na ubavuni mwake, nusu hatua nyuma, yupo Mwalimu.

"Gia ya kwanza, ndugu yangu, gia ya kwanza," Mwalimu akamwambia. "Injini baridi haipigwi mafuta. Enhe, umetokea wapi? Umelalaje? Kazi inakwendaje?"

Na akangoja jibu! Fundi Meno nusura aanguke kwa furaha. Akaeleza habari za taya, za bibi kiziwi, za mkewe aliyemwacha akaenda na muuza magodoro. Walipofika kwenye duka la kinyozi la njia panda, Mwalimu akampa kisa cha mwanafunzi wake aliyeingiza gari ndani ya duka kama lile, akatoka upande wa pili akiwa amenyolewa upande mmoja. Fundi Meno alicheka mpaka akashika nguzo.

Ikawa hivyo kila Jumamosi. Na mwili wa binadamu hauna adabu: ukiukimbiza, unazoea. Mapafu yake yakapanuka, miguu ikaacha kukwepa madimbwi. Mimi nikiwa juu ya baiskeli nilimwona waziwazi anaweza kuwafikia wa kati. Mara mbili tatu alijisahau akawakaribia, akageuka akaona Mwalimu yuko mbali kidogo, akakanyaga breki. Alianza kusingizia goti. Likipona goti, kifundo. Likipona kundi zima la viungo, kamba ya kiatu. Alipojiandikisha kwa mbio za mji, ambapo nyuma ya namba ya kifuani huandikwa simu ya mtu wa kupigiwa ukianguka, aliandika ya Mwalimu, akanionyesha kama mtu anayeonyesha cheti cha ndoa.

Kisha akaja Mwoka Mikate.

Jitu kubwa, pana, jema, linanukia hamira. Naye mgeni mjini, amefungua tanuri jirani na soko. Alikuwa mzito kiasi kwamba alipokanyaga lami upande huu, paka aliruka upande ule. Kwa mara ya kwanza Fundi Meno hakuwa wa mwisho.

Mwalimu, kwa sheria yake, akarudi nyuma. Fundi Meno akatega masikio.

"Gia ya kwanza, ndugu yangu, gia ya kwanza. Injini baridi haipigwi mafuta. Enhe, umetokea wapi? Umelalaje?"

Neno kwa neno. Walipofika njia panda, kisa cha kinyozi kikatoka, nywele zilezile upande uleule, na Mwoka Mikate akacheka akashika nguzo ileile.

Jumamosi iliyofuata nilishuhudia mashindano ambayo hayajapata kuandikwa gazetini: watu wawili wakishindania nafasi ya mwisho. Mmoja kwa uzito wa kweli, mwingine kwa wivu. Fundi Meno akipunguza, Mwoka Mikate anapunguza kwa adabu, asije akampita mwenyeji. Kuku alitupita. Mama aliyebeba kabati kichwani alitupita, akatupa pole. Baiskeli yangu ilianguka mara kadhaa, maana chombo cha magurudumu mawili hakikuumbwa kwa mwendo ule.

"Kaka, pita tu," Mwoka Mikate akasema akihema.

"Pita wewe, mimi goti."

"Basi tukae pamoja, kaka. Wote watatu. Raha iliyoje!"

Lilikuwa neno jema, na mwenye akili angelipokea. Fundi Meno alilitazama kama jino bovu.

Wakati wa kujinyoosha, Mwoka Mikate akamvuta kando. Alitaka kununua viatu vya kukimbilia, hajui achague vipi, na Jumamosi ijayo ndiyo mlima wa hospitali, kupanda na kushuka. Sasa, kila aliyekimbia miezi michache anajua: kiatu cha mbio kinaachiwa nafasi mbele, upana wa kidole gumba, kwa sababu mguu huvimba, na kwenye mteremko vidole husukumwa mbele. Kepteni alituimbia hilo kila wiki.

Fundi Meno akamwekea mkono begani. "Kikubane, kaka. Mimi ni mtu wa meno, najua vitu vya kukaa sawasawa. Meno yakilegea, yanachubua. Kiatu ni hivyohivyo. Kisiachie hata unywele. Ukisikia maumivu mwanzoni, ndiyo kinakushika, usivue."

Nilisikia. Nikadhani ni mzaha wa wakimbiaji, nikacheka.

Kwenye mlima Mwoka Mikate alipanda akitabasamu. Kwenye mteremko tabasamu likageuka kitu kingine, lakini hakuvua, maana aliambiwa asivue. Tulipofika chini soksi zilikuwa nyekundu. Kucha za vidole vikubwa zilibaki ndani ya soksi. Siku chache baadaye vidonda vikaingia usaha, mguu ukavimba, daktari akamkataza kukanyaga chini.

Jumamosi iliyofuata Fundi Meno alikuwa wa mwisho tena, na goti lake halikuwahi kuuma kwa utamu vile. Ila Mwalimu alitazama njia ya soko muda wote.

"Hujaniuliza nimelalaje," Fundi Meno akasema.

"Eh? Umelalaje? Namfikiria yule jamaa. Leo, sote tukiwa huku, mkate nani atamwokea?"

Kumbe siku zote hizo kikundi kilikuwa kimepanga zamu. Kepteni alikuwa akipita tanurini kabla ya benki kufungua, kupokea unga. Wenye mbavu walikanda. Mwalimu alisambaza mikate kwa gari la mafunzo, mwanafunzi kwenye usukani, na nasikia siku moja mkate mmoja ulifika kwa mteja kupitia dirishani gari likiwa halijasimama. Jioni wote walikaa kumzunguka Mwoka Mikate, mguu juu ya gunia, wakicheka. Fundi Meno hakuwa na habari. Hakuna aliyemficha. Ni kwamba hakuna aliyemkumbuka.

Akaenda jioni hiyohiyo, na machungwa mkononi. Alipotokea mlangoni, Mwoka Mikate akapiga kelele kwa furaha.

"Kaka! Jamani, huyu ndiye kaka yangu, ndiye aliyenishauri viatu!"

Kicheko kikakatika.

"Alikushauri nini?" Kepteni akauliza.

"Vibane, nisivue hata vikiuma. Labda mimi nilikosea namba, mguu wangu mnene. Kaa, kaka, kaa!"

Hakuna aliyesogea kumpa nafasi kwenye benchi. Mwalimu akashusha macho kwenye viatu vya Fundi Meno mwenyewe, vilivyoachiwa nafasi mbele, upana wa kidole gumba. Fundi Meno akaweka machungwa juu ya mfuko wa unga, akasema bibi yake anamngoja. Yule bibi kiziwi.

Nilidhani hataonekana tena. Jumamosi alikuja. Mtu mwenye njaa haoni haya, anaona sahani tu. Kepteni hakumfokea. Alimpungia mkono, akamvisha kizibao cha manjano cha Mfagiaji kwa mikono yake mwenyewe, akamfunga vishikizo kama mtoto wa shule.

"Mwalimu amechoka kukaa nyuma," akatangaza. "Kuanzia leo Mfagiaji ni Fundi Meno. Sheria unaijua. Humpiti mtu."

Mwaka mzima nilikuwa sijaona uso wa binadamu ukichanua vile. Alidhani, masikini, amesamehewa, tena amepewa cheo. Akatazama huku na huku kumtafuta wa mwisho wake, wa kumuuliza amelalaje.

Kepteni akapuliza filimbi. Wenye mbavu wakatoka. Wa kati wakatoka, na Mwalimu katikati yao, magoti juu, anakimbia kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba. Mgeni hakuwepo. Mzito hakuwepo. Wote walikwenda mwendo mmoja wa kasi, bega kwa bega, wakiongea sentensi nzima nzima.

Fundi Meno akakimbia nyuma yao na kizibao chake. Angeweza kuwafikia, pumzi anayo. Kila alipowakaribia, Kepteni aligeuza kichwa tu, na yeye akapunguza.

Nami nikapanda baiskeli. Maji hufuata walio wengi. Nilipompita aliniita, "Mzee, umeshindaje?" Nikamjibu salama, ila nilikuwa nimeshafika mbali, sijui kama alisikia.