Kivuli cha Mibuni ya Osea

Mume wangu Osea alirudi kutoka migodini na kifua kibovu, na kazi ya mgodini ikawa imemshinda. Watoto wetu wawili wakubwa, Nikodemo na Raphaeli, wakavuka mpaka wa Tunduma kwenda kuishika badala yake. Wakapotelea huko. Hata salamu hawakuleta. Watu wa hapa kijijini kwetu Ruanda wakaendelea kuniita mama Nikodemo, na kila anayeniita jina hilo ananitonesha, ila hawajui.

Akabaki Amoni, kitinda mimba. Osea akaapa kwamba huyo haendi, na ili asiende tukapanda kahawa. Mibuni ikizaa, kijana anaoa hapa hapa, anakaa. Isipozaa, kodi ya kichwa inamsubiri, na njia ya Tunduma iko wazi. Ndivyo mambo yalivyokuwa, wala hayakuhitaji maelezo mengi.

Ila shamba letu lilikuwa uwanda mtupu. Jua la kiangazi liliunguza majani ya mibuni michanga hadi yakawa kama tumbaku. Ilitakiwa miti ya kivuli. Sasa kule Ikinga alikuwepo jamaa yetu Boazi, na mibuni yake ilikaa chini ya mti mmoja mpana, matawi yamelala kama mwavuli, kahawa chini yake nyeusi kwa afya. Huo ndio mti Osea aliutaka. Boazi aliujua tu kwa jina la Kindali, lugha ya huko kwao, ambalo huku kwetu halikumwambia mtu kitu. Mbegu zilikuwa bado hazijakomaa. Akasema subirini, zikikauka nitawaletea.

Kusubiri. Osea na kusubiri wapi na wapi.

Shemeji yangu Damiano ndiye aliyeleta ufumbuzi, kama kawaida yake kuleta vitu ambavyo hakuna aliyemwomba. Alikuwa amekuja na kamera ya sanduku kutoka Kitwe, kule migodini, akitembea nayo hata kanisani. Akaenda Ikinga, akapiga picha mbili: moja ya gome, moja ya jani. Boazi alinisimulia baadaye kwamba alilishika jani lile mkononi ili lisitikiswe na upepo, na Damiano akamwambia, "Toa mkono wako, unaniharibia picha." Akaisogeza kamera karibu kabisa, jani likajaa picha nzima. Kamera za namna ile hazitaki kusogezwa karibu. Jani likatoka na ukungu, vijani vyake vimeshikana, huwezi kuvihesabu hata ukitaka. Lakini tulipoiona tulishangilia, maana ilikuwa picha.

Osea akazipeleka kwa Barnaba, karani wa bustani moja ya miche kule njia ya Mbeya. Nilikwenda naye, kwa sababu kifua chake hakikuwa cha kuachiwa njia peke yake. Barnaba alikuwa na kitabu cha picha za miti. Akakifungua, akaweka picha yetu pembeni ya picha moja mle ndani. Jani kama unyoya hapa, jani kama unyoya pale. Lile limejaa ukurasa, na letu limejaa picha. Gome laini la kijivu hapa, gome laini la kijivu pale.

"Ni mwati," akasema. "Mmebahatika, miche ninayo. Tena unakua upesi, na mbao na kuni mtapata."

"Ule wa Ikinga umetanda sana," nikamwambia. "Huu nao hutanda?"

"Mama, picha hizi hapa. Wewe mwenyewe unaona."

Ni kweli niliona. Na Osea alikuwa ameshaanza kufungua kitambaa cha pesa.

Kukua, ile miti ilikua, hilo siwezi kuidhulumu. Msimu wa tatu ilipita paa la nyumba. Osea alipona kidogo kwa furaha, akawa anatembea mle shambani akipigapiga mashina kwa kiganja, huku akimwambia Amoni achague binti. Amoni akamchagua Yunisi wa hapo jirani. Tukapeleka maneno kwa wazee wake, wakasema sawa, tuone mavuno ya kwanza.

Mavuno ya kwanza yalikuwa buni tupu, maganda bila punje. Mwaka uliofuata majani yakawa ya njano, matawi yakafa kuanzia ncha. Tukamwaga samadi. Tukachota maji mtoni, Amoni na mimi, hadi ngozi ya utosi ikanichubuka kwa mtungi. Mibuni ya pembeni, iliyokuwa mbali na miti, ikawa na nafuu. Niliona hivyo nikanyamaza, maana Osea hakutaka mtu aseme lolote juu ya miti yake.

Kisha mke wa Boazi akafariki, nikaenda Ikinga msibani. Baada ya maziko nikajivuta hadi shambani, nikasimama chini ya ule mti. Nikachuma jani moja. Vijani vyake vilikuwa vikubwa, kila kimoja kama ukucha wa kidole changu. Vya miti yetu ni vidogo kuliko punje ya ulezi. Mtu yeyote aliyeshika jani hili na lile asingekosea hata akiwa na homa, lakini kwenye karatasi yote mawili yalikuwa sawa. Maganda ya mbegu yalikuwa yameanguka chini, mapana, mepesi. Ya kwetu ni membamba, yamebanwa kati ya mbegu na mbegu. Jani moja tu ndani ya bahasha lingetosha. Moja. Jamani, tulipeleka picha ya jani na majani yenyewe yanaota bure.

Nililibeba kwenye pindo la kanga. Osea alikuwa ameketi nje. Nikamwekea lile jani juu ya goti, na la mwati pembeni yake. Akayapapasa kwa kidole gumba, moja baada ya jingine.

"Huu si wenyewe," akasema.

"Si wenyewe, baba Nikodemo. Huu wetu ndio unaokunywa maji ya kahawa."

Hakugombana, na hilo lilinitisha kuliko ugomvi. Alimwita Amoni, wakachukua mashoka. Walikata yote. Osea alikuwa akipiga mara mbili, anakaa, anakohoa, anainuka tena. Matawi wakayarundika katikati ya mistari na kuyachoma, ili tuanze upya kwa mbegu za Boazi. Ile mibuni iliyokuwa bado na uhai, nayo ikababuka kwa moto. Amoni alisema itachipua. Nami nilisema hivyo hivyo.

Mvua ziliponyesha, shamba likawa kijani. Nilikimbia kwenda kuona. Haikuwa mibuni, ilikuwa miwati. Mbegu zilizokuwa zimedondoka miaka yote zilipasuliwa maganda yake magumu na ule moto, zikaota zote kwa pamoja, nene kama nywele za kichwa, kutoka mpaka hadi mpaka. Amoni alisimama nyuma yangu. Mimi sikugeuka, kwa sababu nilijua uso wake ukoje. Wiki ile ile wazee wa Yunisi walirudisha maneno yetu, posa ikavunjika. Jumatatu Amoni akaondoka na vijana wa kijiji cha Chitete, kuelekea Tunduma. Baba yake hakutoka ndani kumuaga. Alisema kifua kinambana.

Niliporudi kutoka kumsindikiza nilipita moja kwa moja shambani, nikapiga magoti, nikaanza kung'oa miche kwa mkono. Mchana kutwa sikumaliza hata mstari mmoja. Jioni Osea akaja taratibu na fimbo yake, akasimama karibu na kichwa changu.

"Mama Nikodemo, unamng'olea nani?"

Nikaendelea kung'oa.