Wote Ishirini na Tatu

Sisi watu wa takwimu tuna kiburi chetu, na changu kilinitokea puani. Miaka sita nimekaa Njombe kwenye chumba kimoja cha kupanga, mbali na kwetu Kondoa, na aliyenifanya nisiombe uhamisho ni mtu mmoja tu: Eveline Mlowe, mwalimu mkuu wa shule ya msingi huko Makambako. Kila Jumamosi nilipanda gari nikale kwake. Kuku wa kunipikia alimpeleka akachinjwe kwa jirani yake Hamisa, Mwislamu mwenzangu, ili nile kwa amani. Aliniita mdogo wangu, nami nikamwita dada.

Mwezi wa tano bosi wangu katika ofisi ya elimu ya wilaya, Kristofa, aliniletea alama za hisabati za darasa la saba, shule thelathini na sita. Alitaka kuwavua madaraka walimu wakuu wa shule tano za mwisho. Ila si mtu wa pupa. Alitaka kwanza kujua shule zenyewe zina uzito gani.

Hesabu yake si ngumu. Tofauti zote za alama unazigawa mafungu mawili: tofauti kati ya shule na shule, na tofauti kati ya watoto wa shule moja. Kisha unauliza fungu la kwanza ni sehemu gani ya jumla. Ikiwa karibu na sifuri, kujua mtoto anasoma wapi hakukusaidii kukisia alama yake. Ikiwa karibu na moja, ukishajua shule umeshajua alama.

Kompyuta ikanipa 0.49, karibu nusu. Nikashtuka, maana ni kubwa mno kwa wilaya moja, lakini nikafurahi pia, si unajua raha ya kugundua kitu. Shule ya dada ilikuwa ya tatu kutoka mwisho. Niliiona. Nikajiambia kazi ni kazi, nikajiona mwadilifu kweli, nikaandika kwamba shule zina uzito mkubwa. Barua zikatoka.

Jumamosi nilikwenda hivyo hivyo, na uso wangu mkavu. Nilimkuta ofisini kwake akipanga mafaili ya kukabidhi. Hakunigombeza. Alinipa kiti, akaniuliza kama nimekula. Nikakosa pa kuangalia, nikavuta daftari la alama lililokuwa mezani. Hisabati, darasa la saba: arobaini na saba, tisa, thelathini na moja, kumi na mbili, arobaini. Darasa moja, na alama zimeachana hivyo. Nikafungua kompyuta nitafute shule yake, kitu ambacho sikuwahi kufanya, maana faili lilikuja limeshaunganishwa. Ishirini na tatu. Ishirini na tatu. Watoto mia na kumi, wote ishirini na tatu.

Dada akasema ndivyo walivyoelekezwa. Fomu ilikuwa na mstari kwa kila mtoto, lakini huko juu kila siku kinachoulizwa ni wastani, kwa hiyo mratibu wa kata aliwaambia wajaze wastani mpaka chini. Nikahesabu: shule thelathini kati ya thelathini na sita zilifanya hivyo. Tofauti kati ya shule ilibaki karibu ile ile. Iliyofutika ni ile ya ndani ya darasa, na fungu moja likifutwa, lingine lazima lionekane jitu.

Nilizunguka wiki mbili kukusanya madaftari. Namba ya kweli ilikuwa 0.12. Sehemu themanini na nane kati ya mia zilikuwa kati ya watoto wanaokaa dawati moja. Kwenye kikao cha wilaya, mbele ya walimu wakuu wote, nilisimama nikasema sikuangalia data, kosa ni langu. Nikaongeza kwamba hii haina maana shule si kitu, maana shule zote zikifundisha sawasawa, vizuri au vibaya, namba hiyo bado itakuwa ndogo. Inachosema ni kwamba kumhamisha mtoto kutoka shule moja kwenda nyingine kungebadilisha alama yake kidogo tu, na hata hicho kidogo kingi chake kinatokana na hali za nyumbani kwa watoto. Kristofa alinuna, lakini barua zote tano akazifuta.

Nikamfuata dada nje, nikidhani mambo yamekwisha. Alikuwa anafunga kitenge chake kwa ajili ya upepo.

"Kujaza wastani nilikosea, nimekubali," alisema. "Lakini Nasma, miaka sita unakula kwangu. Uliiona shule yangu kwenye orodha, na hukunipigia hata simu kuniuliza watoto wangu wakoje."

Alinishika mkono kwa heshima, kama anavyowashika wageni wa ofisi, akaenda kupanda gari la Makambako.

Jumamosi iliyofuata nilivaa, nikakaa kitandani na mkoba mapajani nikingoja simu. Haikulia. Saa nane nikavua, nikabandika ugali wa mtu mmoja. Nimekuwa peke yangu tangu hapo, na inauma.