Bwana Boksi Apokea Mashine

Rosebella Andati alikuwa na kadi ya benki, na hiyo kadi ndiyo iliyomponza. Alikuwa matroni wa hospitali ya misheni kule Mukumu, Kakamega, mjane asiye na deni la mtu. Akina mama wa chama chao walipochanga hela za mashine ya kufuma sweta za shule, walimkabidhi yeye. "Wewe una kadi, tununulie huko kwa intaneti."

Basi akaenda mjini kwenye saiba. Mwaka huo wa 1999 intaneti ilikuwa ikijikokota kama ng'ombe mgonjwa, lakini alivumilia, akajaza fomu ya muuzaji mmoja wa Uingereza. Fomu ilidai jina la mtaa na namba ya nyumba. Mtaa gani tena, jamani? Akaandika anachoandika kila mtu: P. O. Box, na namba yake.

Muuzaji hakuchelewa kuchukua hela. Mashine? Thubutu! Tarehe aliyoahidi ikapita, na barua-pepe za Rosebella akazinyamazia kama maji mtungini.

Jescah, mweka hazina wa chama, mdomo wake hauna breki. Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, akasema kwa sauti: "Mtu hana bwana nyumbani, nani atamuuliza? Hela zetu ameshakula."

Neno hilo lilimchoma Rosebella. Alilia huku amevaa yunifomu, akanawa uso, akaenda benki.

Pale kwenye dawati la kadi alikaa msichana anayeitwa Chepkoech. "Matroni, ulimwandikia muuzaji mwenyewe kwanza?"

"Mpaka vidole vikauma."

"Vizuri. Lete nakala za hizo barua, na ya oda, na ya ahadi yake ya tarehe. Kisha utuandikie barua, useme mzigo haukufika, utie sahihi. Dai hili lina muda wake, usilale."

"Mtampigia simu?"

"Sisi hatuna haja naye. Ofisi yetu ya Nairobi itapeleka dai kwa benki yake kupitia kampuni ya kadi, na benki yake itamkata. Naye atapewa nafasi ya kujitetea. Akikosa ushahidi, imekula kwake."

Ikafanyika hivyo. Hela zikarudi kwenye kadi, ila Chepkoech akaonya zisiguswe bado. Na kweli, siku moja akapiga simu hospitalini: muuzaji amejitetea. Ameleta karatasi yenye sahihi kwamba mzigo ulifikishwa.

Rosebella aliweka simu chini, akapiga hesabu. Karatasi hiyo ikisimama, hela zitarudi kwa yule mwizi, na mwizi wa Kakamega nzima atakuwa yeye. Jescah alipopata habari akajifunga leso kiunoni. "Twende wote, nijionee."

Kule benki, Chepkoech akawageuzia karatasi. Jescah akaidaka. "Si nilisema? Imetiwa sahihi hii! Imepokewa mlangoni, na mwenye nyumba, na... Bwana P. Box." Akainua macho polepole. "Wee Rosebella! Huyu Bwana Boksi ni nani? Umeolewa bila kutuambia?"

Rosebella alimtazama, akaitazama karatasi, na kicheko kikamtoka kabla hajakiomba ruhusa. "Jescah, hiyo ni boksi yangu ya posta! Na huo mlango wake hata bakuli halipiti, sembuse mashine!"

Jescah aliisoma tena karatasi. Kisha akaangua kicheko hata askari wa mlangoni akaja kuchungulia. Kumbe tapeli alipotunga sahihi alichukua jina alilolikuta kwenye fomu chini ya la Rosebella, akidhani ni mume.

Chepkoech alijifuta machozi. "Kucheka si jibu, Matroni. Ukinyamaza, hela zinaenda zake. Andika."

Wakaenda posta. Bwana Osundwa, mkuu wa pale, akawaandikia barua: namba hiyo ni kijisanduku cha chuma ukutani, hakina mtu ndani, na hakuna kifurushi cha namba hiyo kilichowahi kufika. Barua ikaenda Nairobi na majibu ya Rosebella, ikavuka bahari. Benki ya muuzaji haikurudisha neno. Chepkoech akasema sasa hela ni zake kabisa, akanunue mashine nyingine Kisumu, aishike kwa mikono kabla ya kulipa.

Siku mashine ilipofika, chama kilikula kwa Jescah. Kulikuwa na obusuma, ugali wa kwao, na ingokho, kuku mzima. Jescah alipakua mwenyewe, akachukua imondo, ile firigisi ya kuku ambayo kwao hupewa bwana mwenye nyumba, akaiweka kwenye sahani ya Rosebella mbele ya wote.

"Niliongea vibaya, dada. Unisamehe. Hii ni ya mwenye nyumba."

Rosebella aliitazama ile firigisi. Tangu mumewe afariki, hakuna mtu aliyewahi kumwekea. Machozi yakamlenga.

"Na Bwana Boksi je?" akauliza.

"Huyo," akasema Jescah, "akale Uingereza."

Rosebella akacheka, akaila yote.