Rangi Mbili Juu ya Jina

Mimi ni fundi wa mabango, na mabango ya shule nimeandika mengi hadi nimechoka nayo. Mzazi hasomi, anapima kwa jicho. Akiona "Academy" anaona hesabu na Kiingereza. Akiona mlima au majani kwenye jina, anaona ukuta mrefu na mlinzi aliye macho. "International" usiguse: ofisi ya usajili itakuuliza mtaala wa nje uko wapi.

Haya yote nilimwambia dada yangu, mwalimu wa miaka ishirini, alipojenga shule yake ya msingi. Fomu ya usajili ilikuwa na nafasi tatu za majina. Ya kwanza alijaza jina la binti yake. Mtoto alikufa kwa homa akiwa na miaka saba, na dada hakutaka kingine duniani ila jina hilo lisomwe getini kila asubuhi.

Ya pili nilijaza mimi: Fernmount Academy. Mlima wenyewe hakuna, kiwanja kimelala kama meza. Ya tatu tuliiacha wazi.

"Usipeleke kwanza," nilimsihi. "Tuwaulize wenye watoto."

Siku ya kuandikisha nikasimamisha mabango mawili nyuma ya meza yake. La binti nililiandika kwa mkono uliotulia kuliko siku zote. Mimi ndiye mama mdogo wake, jamani.

Wazazi wakaja, wakatazama, wakachukua fomu. Mama mmoja aliyemshika mwanawe mkono akaelekeza kidole kwenye bango la binti.

"Samahani, mwalimu. Huyu ni nani?"

"Binti yangu. Ametangulia."

"Pole sana, dada." Alimaanisha, nilimwona. Kisha akashusha sauti. "Alikuwa anasoma hapa?"

"Hapana. Hapa palikuwa bado majani matupu."

"Aa." Akamvuta mtoto karibu. "Sijasema kitu, mwalimu. Ila mwanangu atauliza." Fomu akairudisha mezani taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha aliyelala. Baba aliyekuwa nyuma yake naye akarudisha ya kwake.

Nilitaka kuwatukana. Sikuweza, kwa sababu ningekuwa na mtoto, ningefanya vilevile.

Dada hakulia. Alitoa ile fomu ya usajili, akakata jina la kwanza kwa rula, mstari ulionyooka, akaandika namba moja kando ya Fernmount. Watu walipoisha akaniambia nilifute lile bango, lisije likaonwa na wengine.

"Nikuwekee nyumbani?"

"Futa. Nikiwa nalo nitalisimamisha tena."

Nikapaka nyeupe. Alisimama nyuma ya bega langu kama mkaguzi. Nyeupe ilipokauka, herufi nyeusi zilikuwa bado zinasomeka kwa chini.

"Bado namwona," akasema. "Mdogo wangu, rudia."

Nikachovya brashi, nikarudia.