Laki Nne za Kuokoa

Kwao walimwita Profesa tangu alipokuwa darasa la pili, na sifa hiyo ndiyo iliyomponza. Sasa alikuwa mwaka wa pili ng'ambo, akisomea mambo ya fedha, na aliyemlipia ada ni kaka yake, seremala. Wazazi walishatangulia mbele ya haki. Walibaki wao wawili tu, na simu katikati.

Bajeti yake ilibandikwa ndani ya mlango wa kabati. Viza ilimruhusu kufanya kazi saa ishirini kwa wiki, basi, naye alizimaliza zote kwenye chumba cha kufulia cha hoteli moja, akikunja mashuka mpaka vidole vikakakamaa. Kwa wiki nne alishika mia tisa na sitini za pesa ya huko baada ya makato. Chumba kilimeza mia sita na ishirini. Ukitoa chakula, nauli, umeme na vocha, kilichobaki ni arobaini, na hapo hajaugua wala kiatu hakijatoboka. Ada ya muhula ilikuwa elfu nne, nayo haikuhusiana na mashuka. Hiyo ilitoka nyumbani, kwenye karakana.

Wiki ya kwanza ya muhula kaka alipiga simu, mashine ya randa ikinguruma nyuma yake mpaka ikabidi apige kelele.

"Profesa! Milioni nane na laki moja ziko benki. Leo moja ya huko ni elfu mbili ya kwetu. Nitume?"

"Ngoja kwanza, kaka. Imepanda ghafla tu. Baada ya wiki mbili itarudi elfu moja mia tisa, tutaokoa laki nne nzima."

"Haya bwana. Wewe ndiye msomi, mimi najua mbao."

Haikurudi. Kila asubuhi, hata uso hajanawa, aliangalia bei. Elfu mbili na sitini. Elfu mbili mia na hamsini. Angeweza kusema tuma leo tukubali hasara, lakini kusema hivyo kulikuwa kukiri kwamba jana alikosea, na Profesa hakuzoea kukosea. Akasema kesho. Kesho nayo ikasema kesho. Siku ya mwisho ya kulipa ilipofika, bei ilikuwa elfu mbili mia mbili na arobaini.

Karani wa ofisi ya ada hakuwa mtu mbaya. Alimweleza kwamba kulipa kwa awamu huombwa wiki ya kwanza, na wiki hiyo imeshapita. Angempa siku kumi, pamoja na faini ya mia moja. Zikipita, jina linafutwa na uhamiaji unaarifiwa. Profesa alipiga hesabu palepale kwenye kiti cha kusubiria: ada, faini na makato ya benki. Pesa ya kaka haikutosha, ilipungua karibu milioni moja na laki mbili.

Msimamizi wa kufulia aliona macho yake mekundu. "Njoo na Jumamosi pia," alisema. "Nitakulipa mkononi, haiandikwi popote."

Alitamani, Mungu anajua. Lakini akikamatwa amezidisha saa, viza inaondoka, na ada yote inakuwa imeliwa bure. Akakataa, akaenda kumpigia kaka na kumweleza ukweli.

"Usilie bwana," kaka alisema. "Nitajua la kufanya."

Siku ya nne pesa ikaingia, kamili. Profesa aliruka chumbani mpaka jirani wa chini akagonga dari.

Jumapili akapiga kushukuru. Kaka hakuwa na Jumapili, siku zote alikuwa kazini. Leo kulikuwa kimya.

"Umeme umekatika?"

"Upo."

Profesa akauliza mbona basi haisikiki mashine. Mwishowe kaka akasema mashine ameiuza kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, milioni moja na laki mbili, chini ya nusu ya thamani yake. Yule bwana alijua mwenzake ana haraka, akamkamua. Oda ya madawati sitini ya shule nayo imemfuata huko huko.

"Ila amenichukua kibarua," kaka aliongeza, akijitahidi kucheka. "Ile mashine ina vituko, hakuna anayeiweza ila mimi. Sasa niambie, ada ya muhula ujao tuianzeje?"

Hakuwa akimkejeli. Aliuliza kwa imani ileile, na hilo ndilo lililomchoma Profesa kuliko tusi lolote. Kwa mazoea akapiga hesabu kichwani. Kibarua cha kutwa, siku sita kwa wiki, mpaka muhula ufunguliwe, kaka asile wala asilipe pango: isingefika hata milioni mbili.

"Hakuna muhula ujao, kaka," alisema. "Nimeuua mimi."

"Ah, usiseme hivyo. Piga tena hesabu, labda umekosea."

"Sijakosea," alisema Profesa, akalia kwa sauti, na kaka hakukata simu.